Makiwa

Wanangu, mimi ndiye yule mzee mnayemkuta pembeni ya turubai, amekaa kwenye meza ndogo, daftari mbele yake na kalamu imefungwa uzi ili isitembee. Kwa zaidi ya miaka thelathini, msiba ukitokea katika Magomeni yetu hii ya Bagamoyo (si ile ya Dar es Salaam), huitwa mimi niandike ubani. Naandika jina na kiasi, kisha jina jingine na kiasi kingine. Ni kazi isiyo na sifa, ila mahali pake ni pazuri kwa mtu mwenye masikio. Mfiwa huketi hatua mbili tatu kutoka nilipo, na kila anayekuja kumpa mkono hupita mbele yangu. Pole nilizozisikia mimi sidhani hata imamu wa mtaa amezisikia.

Nimezitazama pia nyuso za wanaozipokea. Mtu wa kwanza akisema “kazi ya Mungu haina makosa”, mfiwa huinua macho na kushukuru. Wa tano akisema, hushukuru bila kuinua macho. Ikifika ya ishirini, “ahsante” inatoka kabla sentensi haijaisha, kama kondakta anavyorudisha chenji bila kumwangalia abiria. Hapo wote wawili wametimiza wajibu, na hakuna aliyempa mwenzake kitu.

Lakini kuna mara moja niliacha kuandika. Alikuwa amefariki mzee mmoja mvuvi, na kijana wake mkubwa alikuwa jamvini tangu asubuhi akirudisha hizo chenji. Akaja mvuvi mwenzake wa marehemu, mtu wa Mlingotini, akaketi kwanza ndipo akampa mkono. Hakutaja kazi ya Mungu. Alisema: “Baba yako alikuwa na jarife jipya. Kusi likatupiga sisi, ngalawa ikajaa maji. Akalikata jarife lake akaliacha baharini ili awahi kutuvuta. Hakulipata tena, na hakunidai.” Kisha akanyamaza. Yule kijana akamwuliza, “Lini hiyo?” Lilikuwa swali lake la kwanza siku nzima. Nyumbani walijua tu kwamba jarife lilipotea. Mama yao alimlaumu mzee miaka mingi kwa uzembe ule.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo. Mtu aliyefiwa na mzazi amebaki na mzazi mwenye mipaka: yule aliyemwona yeye, nyumbani, kwa macho ya mtoto. Wewe unayekwenda kumpa pole huenda una kipande kingine cha mzazi huyo ambacho yeye hana. Mpelekee hicho.

Mjukuu wangu anasoma chuo Dar es Salaam. Mwaka juzi rafiki yake wa tangu utotoni alifiwa na mama, mama mmoja maarufu sana pale pwani, katika wale wanaokaanga samaki kwenye makarai makubwa baada ya mnada. Alifariki alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri siku ile ile, kama ilivyo desturi yetu. Saa nne asubuhi mjukuu wangu akanipigia simu akiwa stendi ya Makumbusho. Gari la Bagamoyo lilikuwa halijajaa.

“Babu, nimemwandikia ujumbe. Nikusomee kabla sijatuma?”

Akanisomea: “Pole sana ndugu yangu kwa kuondokewa na mama yetu mpendwa. Sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Kazi yake haina makosa. Jipe moyo, haya yote ni mapito. Nipo kwa lolote, usisite kuniambia.”

Nikamwuliza ameutoa wapi. Akacheka kwa aibu. Ameutoa kwenye ujumbe wa mtu mwingine, kwenye kundi lao la simu, akabadilisha “baba” akaweka “mama”. Nikamwambia usitume, gari bado, tuutazame neno kwa neno.

“Mama yetu mpendwa” ni maneno ya kipaza sauti. Sina ugomvi na “mama yetu”. Huku pwani mama wa rafiki yako ni mama yako, na alikukanya na kukulisha kama wa kwake. Lakini mjukuu wangu hakuwahi hata siku moja kumwita yule mama “mpendwa”. Mwite marehemu kama ulivyozoea kumwita. Mfiwa akisikia jina lile kinywani mwako, anajua unamzungumzia mtu uliyemjua, si tangazo la vifo.

“Mungu amempenda zaidi.” Hili nalichukia, na mniwie radhi wale mnaolipenda. Unamwambia mtoto kwamba palikuwa na shindano la mapenzi juu ya mama yake, na yeye ameshindwa. Nimemwona binti mdogo wa miaka minane akiambiwa hivyo na mtu mzima, akauliza, “Kwa hiyo ningempenda zaidi asingechukuliwa?” Aliyesema alikosa jibu, akahama jamvi.

“Kazi ya Mungu haina makosa.” Mimi naamini hivyo, na mfiwa huenda anaamini kuliko mimi. Angalieni tu nani anayesema. Ile “Inna lillahi” yenyewe tumefundishwa kuwa ni neno la aliyefikwa na msiba. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kulitamka. Atakapofika kwenye subira yake atasema mwenyewe, nawe umwitikie. Ukimtangulia wewe ambaye mama yako yuko jikoni anapika, unakuwa unamdai subira saa nne tu tangu mama yake akate roho.

“Jipe moyo” ni amri. “Haya ni mapito” ni kweli kwa njaa na kwa mtihani. Kifo cha mama hakipiti, mtu anakizoea tu.

Na “nipo kwa lolote, usisite kuniambia”. Hilo linaonekana la ukarimu, ndiyo maana vijana mnalipenda. Lakini limempa mfiwa kazi. Sasa ni yeye afikirie anahitaji nini, achague nani amwombe, ameze aibu ya kuomba, akupigie. Hatapiga. Katika miaka yangu yote sijaona mfiwa aliyepiga. Sema utafanya nini, lini, kisha fanya. Kuna hadithi ya Mtume baada ya vita vya Mu'ta, mwaka 629, alipouawa Jaafar bin Abi Talib: aliagiza watu waipikie chakula familia ya Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hakuwaambia waseme wakihitaji. (Siku hizi tumeligeuza; wafiwa ndio wanaotupikia pilau, na wengine wanalalamika nyama haitoshi. Lakini hilo tuliache.)

“Basi babu,” akasema, “umeufuta wote.”

“Nimeufuta. Sasa niambie, unajua nini juu ya mama huyu ambacho mwanawe hakijui?”

Akanyamaza. Nilisikia mpiga debe akiita Bunju, Mapinga, Kerege. Kisha akasema kuna jambo moja, lakini ni dogo. Nikamwambia dogo ndilo ninalolitaka.

Yule rafiki yake, baada ya kidato cha nne, alikwenda kufanya kazi Mtwara karibu mwaka mzima. Mama yake hakujua kusoma. Ujumbe ukiingia kwenye simu, alikuwa anaifunga simu kwenye pindo la khanga, anamtafuta mjukuu wangu, anamwambia, “Mkwe wangu, nisomee.” Alikuwa akimwita mkwe tangu darasa la tano, utani wa kumwahidi binti ambaye hata hakuwa naye. Mjukuu wangu husoma, naye husikiliza mikono ikiwa imejaa unga wa kukaangia. Siku moja kijana aliandika kwamba amenunua godoro. Mama akasomewa, akacheka. Kesho yake akarudi: nisomee tena ile ya godoro. Na keshokutwa. Alisomewa siku nne, na siku zote alicheka palepale. Kisha akawatangazia wenzake kwenye makarai kwamba mwanangu halali chini tena.

“Hayo alikuwa anayajua rafiki yako?”

“Hapana. Alidhani ni jirani anayemsomea.”

“Hiyo ndiyo pole yako.”

Ujumbe uliotumwa ulikuwa huu, na nauandika kwa ruhusa yake na ya mwenzake: “Ndugu yangu, makiwa. Habari ya mama imenifika asubuhi nikiwa chuoni. Ulipokuwa Mtwara mimi ndiye niliyekuwa namsomea ujumbe wako. Ule wa godoro alinisomesha siku nne, na kila siku alicheka palepale, akaenda kuwaambia wenzake mwanangu halali chini tena. Niko Makumbusho, nitawahi alasiri. Usiku nitalala hapo jamvini na alfajiri kuchota maji ni kazi yangu. Usijibu.”

Tazameni alivyoupanga. Amesema alivyopata habari, kwa maneno machache, bila kuigeuza pole kuwa hadithi ya machozi yake mwenyewe. Ametoa kipande kimoja tu cha marehemu, hakumimina kumi. Mfiwa siku ile ana kifua chembamba, hawezi kubeba vingi. Ametaja saa atakayofika na kazi atakayoifanya. Na lile “usijibu” la mwisho si ukali. Siku ya msiba simu ya mfiwa hulia kama mzinga wa nyuki, na kila ujumbe unamdai shukrani. Kumsamehe jibu ni kumpunguzia mzigo mmoja.

Hamkuona dua humo, na mmoja wenu ataniuliza. Dua aliiomba kaburini na kwenye hitima, mahali pake. Mkitaka kuiweka kwenye ujumbe, iwekeni. Ila isiwe ya kujaza nafasi.

Jihadharini hapo kwenye kipande cha marehemu, maana panaharibika kirahisi. Lazima kiwe kweli, na lazima kiwe cha kumheshimu. Kisiwe siri aliyokuamini nayo marehemu, wala kisimfanye mtoto ajione alikosa. Mjukuu wangu angesema, “Mama alikuwa akilia kwa kuwa unachelewa kuandika,” huenda nayo ingekuwa kweli, lakini angekuwa amempa rafiki yake mwiba atembee nao maisha yote. Mkiwa na shaka kama jambo litachoma, liacheni. Mambo mengine yanaweza kungoja, na mengine hayana siku ya kusemwa.

Kuna swali ambalo wengi wenu mnaanza nalo: “Aliumwa nini?” Msiulize. Mfiwa ameshalijibu mara arobaini tangu asubuhi, na kila mara anarudishwa kitandani pale, saa ile. Akitaka kusimulia atasimulia, nanyi msikilize mpaka mwisho bila kutia “hata shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo”. Lakini ikiwa ninyi ndio mliokuwepo na yeye hakuwepo, hapo mambo yanageuka. Mtoto aliyekuwa mbali anataka kujua mwisho wa mzazi wake ulikuwaje, hata asipouliza.

Hapa Bagamoyo tunalo tukio la kujifunzia hilo, na linatusimama mbele ya macho kila tukipita pale misheni kwenye mnara wa kanisa la zamani. Watalii huonyeshwa mnara ule kwa sababu ya Livingstone. Mimi nawatazama waliombeba, Abdallah Susi na James Chuma. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Wale watu wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga na kuubeba kwa miguu miezi tisa hivi, mpaka ukafika Bagamoyo Februari 1874. Walibeba pia madaftari yake. Mwili ukavushwa Unguja, ukaenda Uingereza. Susi na Chuma hawakusafiri nao. Aliyekwenda nao ni mwenzao Jacob Wainwright. Aprili 18 mwaka ule marehemu akazikwa London, katika Westminster Abbey.

Watu wengi huishia hapo. Mimi naona pole yenyewe ilikuja baada ya maziko. James Young, rafiki wa marehemu, aligharimia safari ya Susi na Chuma kwenda Uingereza mwaka huo huo. Maziko walikuwa wameshayakosa. Ipo picha iliyopigwa 1874 huko Newstead Abbey: Susi na Chuma wamekaa na watoto wawili wa marehemu, Agnes na Thomas, pamoja na Horace Waller, wakiangalia madaftari na ramani. Waller alikuwa akiyaandaa madaftari yale kwa kitabu, na wale wawili walimweleza kile ambacho hakikuandikwa, ikiwamo siku za mwisho, kalamu ilipokuwa imeshaanguka mkononi mwa mwenyewe. Walieleza jinsi alivyokutwa alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Agnes alikuwa hajamwona baba yake kwa miaka mingi. Hotuba za kumsifu alizisikia mpaka zikamtosha, nchi nzima ilikuwa inazisema. Waliojua baba yake alilala wapi usiku ule, nani alikuwa mlangoni na alikutwa vipi, walikuwa watu wachache sana duniani, na wawili kati yao ndio hao wamekaa naye pichani. Kama mlikuwa pale wodini, au ndani ya gari, au ufukweni, msimnyime mwenzenu habari hiyo kwa kuogopa kumliza. Mwambieni tu, “Nilikuwepo. Siku utakayotaka kusikia, nitakusimulia yote.” Siku achague yeye.

Turudi jamvini, maana ujumbe wa simu hautoshi kwa mtu anayeweza kupanda gari. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita sabini. Aliyeko Muscat au Minnesota tutamsamehe, na huyo apige simu, mfiwa aisikie sauti yake. Aliyeko Tegeta hatumsamehi.

Ukifika, vua viatu, ingia jamvini, na uketi. Usimpe mfiwa mkono ukiwa umesimama na yeye ameketi, kama askari anayekagua. Ubani mpe aliyeshika daftari, usimsokomezee mfiwa noti kiganjani. Yeye hana mahali pa kuziweka na hawezi kukumbuka za nani. Kisha sema neno lako.

Na hapo ndipo ninapotaka mlirudishe neno letu la zamani mnaloliacha life. Wazee wetu walikuwa wakifika msibani wanasema “Makiwa.” Mfiwa anajibu, “Tunayo.” Imekwisha, wanakaa.

Nimelifikiria sana neno hili, kwa muda ule mrefu wa kungoja aliyesahau pochi. Limetoka kwenye ukoo mmoja na “mkiwa” na “ukiwa”, hali ya kuachwa peke yako, nyumba kuwa tupu. Anayekuja hasemi itapita, wala hasemi ni mapenzi ya nani. Anakitaja kilichoingia nyumbani kwa jina lake. Na mfiwa haombwi ajikaze wala ashukuru. Anakiri tu kwamba ndiyo, kipo, tunacho hapa. Angalieni pia kwamba anasema “tunayo”, kwa wingi, hata akiwa amekaa peke yake kwenye mkeka. “Pole” nayo ni nzuri, sina neno nayo, ila tunampa pole aliyejikwaa kidole na aliyekosa gari. Makiwa ni ya kifo peke yake.

Rafiki yako akiwa Mkristo, na hapa mjini wako wengi tangu wamisionari walipojenga mwaka 1868, makiwa inamfaa vilevile, kwa sababu ni neno la lugha, halina dhehebu. Kaa naye kwenye ibada yao, usimhubirie kwa maneno ya dini yako wala kuigiza ya kwake.

Jambo la watani lazima niliseme, maana mnaliona na kuliiga vibaya. Sisi Wazaramo tuna watani wetu Wanyamwezi na Wasukuma, tangu enzi za misafara iliyokuwa ikiteremka hapa pwani. Mtani akija msibani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akamkejeli ubahili wake, akazuia jeneza mpaka apewe pesa. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na mara nyingi yule mtani ndiye aliyewaletea marehemu wao mzimamzima kuliko sisi wote tuliokaa na nyuso za heshima. Lakini mtani ana leseni ya mababu. Wewe rafiki wa chuo huna. Ukileta mzaha kwa kuwa umeona mtani kafanya, utatolewa jamvini, na mimi sitakutetea.

Kuna msiba mmoja unaowashinda vijana wengi, na hata wazee: rafiki aliyefiwa na mzazi aliyemtupa. Mtaani kwetu palikuwa na binti ambaye baba yake alihamia Pangani yeye akiwa mchanga, asirudi wala kutuma hata sabuni. Alipofariki, ndugu wakaleta maiti izikwe kwao hapa. Wanawake wakamiminika ndani: baba alikuwa mtu mwema, baba alikuwa mcha Mungu. Marehemu mke wangu ndiye aliyenisimulia yaliyotokea uani. Yule binti alitoka, akaenda kukaa jikoni. Rafiki yake mmoja akamfuata, akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Baada ya muda akasema, “Sijui nikuambie nini juu ya baba yako. Mimi sikumjua. Nimekuja kwa ajili yako wewe.” Binti akajibu, “Hata mimi sikumjua,” na hapo ndipo alipoanza kulia, kwa mara ya kwanza siku ile. Wakachambua mchele wote.

Msimsifu msiyemjua. Anayelia kwa mzazi wa namna hiyo analilia yule ambaye hakumpata, na sifa zenu zinamfanya aone ni yeye peke yake aliyenyimwa. Vivyo hivyo msimwambie aliyefiwa na mzee wa miaka tisini kwamba “umri ulikuwa umekwenda”. Mwenye miaka hiyo ni mzee kwenu. Kwake ni mama. Akisema mwenyewe “amepumzika”, mwitikieni, naam, amepumzika.

Siku ya tatu hitima inasomwa, tanga linaondolewa, turubai linakunjwa na mimi nakabidhi daftari langu. Siku ya nne ndiyo mbaya. Asubuhi yake nyumba inasikika. Mtu anaamka, anataka kumwita mama amwulize kitu, anakumbuka. Wakati huo simu zimenyamaza, kila mtu ameshatimiza wajibu. Kama mna nguvu za kwenda msibani mara moja tu, kwa sababu ya kazi au nauli, mwulizeni aliye karibu kama watu ni wengi. Wakiwa wengi, nendeni siku ya nne au ya kumi. Mkifika msiulize “unaendeleaje?”, kwani atasema “namshukuru Mungu” na mlango utafungwa. Fanyeni naye kazi iliyoko. Mara nyingi ni madeni. Kwenye maziko hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na baada yake huja watu, wa kweli na wa uongo, na mtoto wa marehemu hajui lolote la biashara ya mama. Mjukuu wangu alikaa na mwenzake jioni mbili wakiorodhesha nani anadai magunia ya mkaa, nani anadaiwa samaki. Kumlipia mzazi deni lake ni jambo ambalo mtoto bado anaweza kumfanyia, na wakati mwili unataka kufanya kitu na hakuna cha kufanya, hilo linasaidia kuliko maneno.

Baada ya arobaini nilikuwa barazani kwangu, kijana yule akaja na mjukuu wangu. Wakanipa shikamoo, wakakaa. Alikuwa na simu ya mama yake, ile ndogo ya vitufe, kioo kimepasuka pembeni na bado inanuka mafuta ya kukaangia. Ujumbe wake wote wa Mtwara ulikuwamo. Mama hakujua kufuta. Akaufungua ule wa godoro, akaiweka simu mkononi mwa mwenzake.

“Alikuwa anacheka wapi?” akauliza.

Mjukuu wangu akamwonyesha kwa kidole.